Kuhakiki tarakimu zilizosomwa na programu: jumla, programu mbili, au watu wawili?

Mhasibu_Chipukizi
Ndugu zangu, nina majedwali ya hesabu yaliyopitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi, na tayari nimeona mahali ambapo 3 imesomwa kuwa 8. Nalinganisha njia tatu za kuyahakiki: kujumlisha upya kila safu, kutumia programu ya pili na kulinganisha matokeo, au kuwapa watu wawili wayachape kila mmoja peke yake. Ipi inaaminika zaidi?

Kalamu_Nyekundu
Hujatueleza mambo yanayoamua jibu. Je, safu zina jumla iliyochapishwa kwenye karatasi yenyewe? Je, karatasi halisi bado zinapatikana, au una picha tu?

Fundi_Data
Hayo hayabadilishi kitu. Tumia programu mbili. Zikikubaliana, tarakimu ni sahihi, nawe unabaki kukagua zile chache zinazotofautiana.

Kalamu_Nyekundu
Ni kweli kwamba zikitofautiana umeonyeshwa mahali pa kuangalia, na hiyo ni faida kubwa. Lakini kukubaliana kwao si uthibitisho, kwa sababu zote mbili zinasoma picha ileile. Ikiwa wino umevuja ukaziba nafasi mbili zilizo wazi upande wa kushoto wa 3, zote zitaona 8 bila kusita.

Mhasibu_Chipukizi
Samahani kwa kuyaacha hayo. Kila safu ina jumla chini yake. Karatasi ziko kwa mteja, nami nina picha, ila naweza kuomba anitafutie kurasa chache.

Kalamu_Nyekundu
Basi anza na jumla, na usiishie kusema "imekataa"; isome tofauti yenyewe. Tuseme programu imekupa 4,818, 2,760, 1,935 na 3,642, na jumla iliyochapishwa ni 12,655. Ukijumlisha unapata 13,155, yaani ziada ya 500. Kama kosa ni la tarakimu moja, liko kwenye nafasi ya mamia, na tarakimu iliyosomwa imezidi ile ya kweli kwa 5. Jozi ya 3 na 8 inatofautiana kwa 5 hasa, kwa hiyo fungua picha na uanze na 4,818. Ikiwa ni 4,318, hesabu inafunga. Tofauti ya 600 ingekupeleka kwenye 1 na 7, au 0 na 6, na ya 200 kwenye 6 na 8.

Fundi_Data
Hata 2 na 7 zinatofautiana kwa 5, na mstari wa pili una 7 kwenye mamia.

Kalamu_Nyekundu
Umeona vyema, na ndiyo sababu nikasema aanze hapo, si kwamba abadilishe bila kutazama. Tofauti inapunguza mahali pa kutafuta tu. Pia makosa mawili yanaweza kufutana, mstari mmoja ukizidi kwa 50 na mwingine ukipungua kwa 50, na jumla ikafunga. Kama mistari nayo ina jumla zake, zitumie.

Bi_Stoo
Mimi jumla hazinisaidii. Nilikabidhiwa orodha ya namba za utambulisho za mashine, iliyotolewa kwenye picha za simu, na kwenye baadhi ya namba 1 ilikuwa imegeuka 7. Hakuna aliyegundua, kwa sababu namba iliyokosewa inafanana kabisa na namba nzuri. Tuliagiza vipuri kwa orodha hiyo, vikaja vya toleo jingine la mashine, na muuzaji akakataa kuvipokea tena kwa kuwa tulikuwa tumeandika namba hiyo wenyewe kwenye oda. Ilibidi tupite mashine moja baada ya nyingine, mmoja akisoma kibao kwa sauti na mwingine akifuatilia kwenye orodha.

Kalamu_Nyekundu
Dada, kwa namba za aina hiyo, watu wawili ndiyo njia iliyobaki, isipokuwa kama namba ina tarakimu ya ukaguzi, yaani ile inayokokotolewa kutokana na tarakimu nyingine za namba hiyo. Namba za kadi za benki, kwa mfano, hutumia kanuni ya Luhn, ambayo hunasa kosa lolote la tarakimu moja.

Msoma_Nyaraka
Naomba niulize jambo lililotangulia yote haya: picha zenyewe zilitengenezwaje? Mwaka 2013 David Kriesel, Mjerumani, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu zinapobana faili, kwa kuchukua umbo la tarakimu moja na kulibandika mahali pa nyingine inayofanana nayo. Kwenye ramani ya nyumba aliyoitumia, vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vyote vilitoka vikiwa na 14.13. Tarakimu zilikuwa safi, hazina ukungu, kwa hiyo hata watu wawili makini wangechapa kosa lilelile.

Fundi_Data
Hiyo ilikuwa skana. Yeye ana picha za kamera.

Msoma_Nyaraka
Hajasema hivyo. Amesema ana picha tu.

Mhasibu_Chipukizi
Baadhi ni za simu, na nyingine mteja alizituma zikiwa faili za PDF. Sijui zilitoka kwenye mashine gani. Nitamuuliza, na wakati huo nitaanza kujumlisha safu. Je, safu ikikataa na picha ikionyesha tarakimu safi kabisa, niamini jumla au mstari?

Kalamu_Nyekundu
Usiamini chochote kati ya hivyo. Huo ndio ukurasa wa kuomba karatasi yake halisi. Huenda aliyeandaa jedwali alikosea kujumlisha tangu mwanzo.