Msaada: kamari ina wastani wa faida, mbona mtu wa logi anaikataa?

Kinyonga_22
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kabla sijachanganyikiwa. Kuna mwekezaji manufaa yake ni u(W) = ln W, mtaji wake wote ni 100. Anapewa kamari ya kurusha sarafu, ikitoka upande mmoja anapata 60, ukitoka mwingine anapoteza 50. Wastani ni faida ya 5 kwahiyo mi naona achukue tu, ila jibu la mwalimu linasema anakataa. Nikipiga ln(60) sawa, nikipiga ln(-50) kikokotoo kinagoma. Sasa hiyo manufaa tarajiwa inapatikanaje?

BabaWawili
Kijana achana na kamari, wengi wameuza mpaka vitanda.

Kinyonga_22
Mzee wangu ni swali la darasani hili 😂

Kiboko wa Grafu
Simple tu mkuu, mkunjo wa logi unapinda kwenda chini, maana yake jamaa anaogopa hatari, na anayeogopa hatari anakataa kamari yoyote ile. Kwisha habari.

Mama Desimali
Kiboko hapo kwenye "yoyote" umeteleza. Anakataa kila kamari ambayo wastani wake ni sifuri au hasara, hii ina wastani wa faida kwahiyo lazima upige hesabu ndo ujue.

Kinyonga, logi inapigwa kwenye mtaji anaobaki nao baada ya sarafu kuanguka, sio kwenye kile alichopata au kupoteza, ndo maana kikokotoo kimegoma. Akishinda ana 160, akishindwa ana 50. ln(160) ni 5.075 na ln(50) ni 3.912, wastani wake 4.494, hiyo ndo manufaa tarajiwa. Sasa wengi wanaishia hapo wanaona 4.494 wanadhani ni pesa, sio pesa hiyo, irudishe kwenye pesa kwa EXP unapata 89.44. Maana yake kwake yeye kuingia kwenye hii kamari ni sawasawa na kukabidhiwa 89.44 ya uhakika mkononi, na tayari ana 100, aingie afuate nini? Wastani wa mtaji ni 105, kwahiyo hatari yenyewe inamgharimu kama 15.56.

Njia ya mkato kwa nusu kwa nusu: zidisha 160 kwa 50 halafu tafuta kipeuo cha pili, inakuja ileile 89.44.

Kinyonga_22
Aah kumbe. Sasa angekuwa na 1000 si ni kamari ileile, anakataa vilevile?

Mama Desimali
Hapana, na hapo ndo utamu wa logi. Kipeuo cha pili cha 1060 mara 950 ni 1003.49, imezidi 1000, anachukua. Hatari iliyokuwa inamgharimu 15.56 sasa inamgharimu 1.51 tu, maana hiyo gharama ni karibu sawa na variansi gawanya kwa mara mbili ya mtaji. Variansi haijaguswa, ni 3025 palepale, kilichokua ni mtaji.

Mpaka upo wapi? Weka (W+60)(W-50) = W², W² zinakatana inabaki 10W = 3000. Chini ya 300 anakataa, juu ya 300 anakubali, akiwa na 300 kamili kwake ni yaleyale.

Kiboko wa Grafu
Sawa nimekubali dada. Ila mwenye 100 si angeomba acheze kipande tu?

Mama Desimali
Swali zuri. Akiruhusiwa, kinachomfaa zaidi ni kuweka hatarini moja ya kumi na mbili ya mtaji, yaani 8.33 ili apate 10. Kipeuo cha pili cha 110 mara 91.67 ni 100.42, kidogo lakini kimezidi 100. Kwahiyo shida yake haikuwa kamari, ni ukubwa wake.

Shabiki_wa_Akiba
Samahani naingilia, mi nina 400 benki ila nadaiwa 250, na kuna jamaa kaniletea dili lenye namba hizihizi kabisa. Mimi ni mtu wa 400 au wa 150?

Mama Desimali
Kama deni lazima ulilipe wewe ni 150. Kipeuo cha pili cha 210 mara 100 ni 144.91, kataa.

Kiboko wa Grafu
Ila ana mshahara unakuja kila mwezi, nao ni mtaji. Ukiuhesabu anavuka 300 kirahisi.

Mama Desimali
Mshahara ambao hauna uhakika na hauwezi kuukopea leo mi siuhesabu wote.

Kiboko wa Grafu
Usipouhesabu kabisa pia unamfanya mwoga kuliko alivyo. Kiasi gani sasa?

Shabiki_wa_Akiba
Kwahiyo jamaa nimjibu nini? Anataka jibu leo