Wakuu, chumvi iliyopitwa na tarehe inaharibika kweli? Nina viroba vimenikwama hapa Mwanza

Kijana wa Kirumba
Habarini wakuu. Naombeni ushauri wa haraka. Nimenunua viroba 30 vya chumvi, kila kimoja kilo 25, kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga biashara yake. Bei ilikuwa ya kutupa. Juzi ndiyo nimegundua kwamba tarehe iliyochapwa kwenye kiroba imepita zaidi ya mwaka. Mke wangu ananiambia nimeuziwa takataka. Nijuavyo chumvi ni chumvi tu, haiozi. Je, inaisha muda au ni mbwembwe za viwandani? Hela niliyoweka pale ni ya mkopo wa kikundi, usingizi sipati.

Ngosha_Mtani
Chumvi imekaa baharini tangu Mungu aumbe dunia, ikifika Kirumba ndiyo inaisha muda? Kula chumvi hiyo, bhabha.

Mama Neema wa Nyegezi
Mwanangu, neno limeandikwa, chumvi ikipoteza ladha yake itatupwa nje ikanyagwe na watu. Usitafute njia ya mkato kwenye chakula cha watu.

Bwana Afya Mstaafu
Mleta mada, nimekagua chumvi kwenye masoko ya kanda hii kwa miaka mingi, nitakujibu ulichouliza kwanza.

Chumvi yenyewe haiozi. Mchele una wanga, dagaa ana protini na mafuta, ndiyo maana wadudu wa kuozesha wanapata cha kula. Chumvi haina chochote cha kuliwa. Halafu mdudu akitua juu yake, chumvi inamnyonya maji ya mwilini mpaka anakauka. Haina mafuta ya kuchacha wala sukari ya kuchachuka. Ile ya Uvinza imetoka kwenye maji ya chumvi yanayobubujika ardhini, na hakuna aliyeuliza yamekaa huko muda gani.

Tarehe imewekwa kwa sababu ya kitu kingine, madini joto. Kwa sheria yetu, tangu miaka ya 1990, chumvi ya kula lazima iongezwe madini joto ili watu wasipate goita na watoto wasizaliwe na akili iliyodumaa. Hayo ndiyo yanayopungua kadiri chumvi inavyokaa. Chumvi inabaki na ladha ileile, ila kazi yake ya pili imepotea na ulimi hauwezi kukuambia.

Sasa nijibu mimi. Viroba vina nailoni ndani au ni vile vya kusukwa tu? Vilikaa wapi? Unataka kuifanyia nini?

Mjuaji wa Igoma
Nyongeza kwa mzee. Madini joto ni kama spiriti, ukifungua pakiti tu yanaruka. Mimi chumvi ya wiki mbili naitupa.

Bwana Afya Mstaafu
Hapana mkuu, umeenda mbali. Aina inayotumika hapa nchini ni ile ngumu kidogo, haikimbii kwa kufunguliwa. Chumvi safi, kavu, ndani ya nailoni nzima, inaweza kupita mwaka na bado ikawa na kiasi kizuri. Adui ni unyevu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi safi inaanza kuvuta maji. Ile yenye uchafu wa magnesi, ambayo ni chungu kidogo mwishoni mwa ulimi, inaanza mapema zaidi. Sisi hapa ziwani, usiku wa masika tunavuka hiyo asilimia bila shida. Usiku chembe zinalowa juu, mchana zinakauka na kugandana, ndiyo unapata bonge kama jiwe. Kuganda si kuharibika, piga nyundo utumie.

Shida inakuja kwenye kiroba cha kusukwa kisicho na nailoni. Yale maji yanateremka polepole kuelekea chini yakiwa yamebeba madini joto, na mengine yanatoka kabisa sakafuni. Kwa hiyo juu ya kiroba unaweza kukuta hamna kitu, chini yamejaa. Kikikaa hivyo mwaka mzima kwenye unyevu, unaweza kupoteza sehemu kubwa.

Kijana wa Kirumba
Asante sana mzee wangu, umenitoa jasho. Viroba 18 vina nailoni, 12 ni vya kusukwa tu. Hivi 12 vilikuwa vimeganda, nikavimwaga kwenye turubai nikavianika juani siku kadhaa, sasa vimekauka vizuri kabisa. Nimeshaagiza pakiti za nusu kilo. Nataka kufunga upya na kuuza mtaani. Si umesema haiozi?

Binti wa Ukerewe
Samahanini, naomba kuuliza hapohapo. Baba yangu ana presha na ameambiwa apunguze chumvi. Chumvi iliyokaa muda mrefu si inakuwa imepungua ukali? Nimpe hiyo?

Ngosha_Mtani
Dada, huyo baba yako mpe dawa aliyoandikiwa, mwache kijana na viroba vyake.

Bwana Afya Mstaafu
Binti, haipungui ukali hata kidogo. Ya miaka kumi na ya jana kwa presha ni sawasawa. Mpunguzie kijiko.

Kijana, kuanika juani umekausha maji lakini madini joto hujayasaidia, umeyapunguza. Na pakiti mpya utaandika tarehe gani? Ukiandika "ina madini joto" bila kupima, umedanganya mteja. Pia hujajibu vilikaa wapi.

Mama Kayabo Mwaloni
Mimi nafanya kayabo Mwaloni, sangara wa kupeleka Kongo. Mwaka jana nilichukua chumvi ya bei rahisi, samaki wakawa na rangi ya waridi juu kama wamepakwa rangi, halafu wakaanza kuteleza na kunuka. Mzigo wote ulirudi. Kwa hiyo mnaposema chumvi haiozi mimi nacheka. Ilikuwa imeoza.

Bwana Afya Mstaafu
Mama, hiyo nimeiona mara nyingi. Chumvi haikuoza. Kuna wadudu wachache wanaopenda chumvi kali, maji ya kawaida ndiyo yanawaua. Wanatoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani inayokaushwa kwa jua, wanaishi ndani ya chembe miezi na miezi wakisubiri. Ukiwapa samaki, unyevu na joto letu, wanachipua na ndiyo hiyo waridi. Chumvi iliyochemshwa huwa haina. Je, ulitumia tena chumvi iliyobaki kwenye beseni la samaki wa awali?

Mama Kayabo Mwaloni
Hilo kila mtu pale anafanya. Chumvi ni hela.

Bwana Afya Mstaafu
Hapo ndipo ulipowafuga. Kwa kayabo, madini joto yapo au hayapo si tatizo, kinachohifadhi samaki ni chumvi yenyewe. Chumvi ya kijana hata ya miaka mitatu ingekufaa, mradi iwe safi. Ile iliyokwisha kugusa samaki usiirudishe.

Mjuaji wa Igoma
Kupima ni rahisi, weka chumvi kwenye uji baridi, ukibadilika rangi ya bluu ina madini joto.

Bwana Afya Mstaafu
Umekaribia. Aina yetu haibadiliki kwa uji peke yake, inahitaji ile dawa ya kipimo ambayo ndani yake kuna wanga na asidi. Matone mawili tu, ikiwa nayo inageuka bluu au zambarau. Maafisa afya huwa nayo. Chota juu, katikati na chini ya kila kiroba, usichote mdomoni tu. Rangi inakuambia yapo au hayapo, kiasi kamili kinapimwa maabara.

Bado nasubiri jibu. Vilikaa wapi?

Kijana wa Kirumba
Vilikaa stoo ya kawaida tu mzee. Ina paa, haivuji. Kulikuwa na vitu vingine vya biashara za ziwani.

Dada wa Buhongwa
Vitu gani? Mbona unazungukazunguka?

Kijana wa Kirumba
Madumu ya mafuta ya taa, ya zamani, ya karabai za dagaa. Mawili yalikuwa yanavuja. Lakini yalikuwa upande wa pili, na nilipoanika harufu ilipungua sana. Mke wangu ndiye anasema bado inanuka, mimi sisikii. Na nimeshalipia pakiti.

Dada wa Buhongwa
Haya, jamani! Tangu mwanzo tunahubiriana madini joto, kumbe ni mafuta ya taa!

Fukunyuku
Subirini. Mimi naona hii ni chai. Wavuvi wa dagaa siku hizi wana taa za sola na betri, karabai nani anaiwasha? Halafu huyu huyu ana uzi wake mwingine anasema ni mwanafunzi wa chuo anatafuta chumba Nyamalango. Mwanafunzi, mke, mkopo wa kikundi, viroba 30. Tamthilia.

Ngosha_Mtani
Chai ya rangi, tena yenye chumvi.

Kijana wa Kirumba
Ule uzi wa chumba nilimwandikia mdogo wangu, hana simu nzuri. Na nimesema madumu ya ZAMANI. Mzee alikuwa anawauzia wavuvi kabla hawajahamia sola. Mtu akitaka picha ya stoo niambie.

Fukunyuku
Picha ya stoo haina jina lako. Endeleeni nyie.

Bwana Afya Mstaafu
Chai au si chai, mtu mwingine atasoma hapa akiwa na stoo kama hiyo. Mafuta ya taa yanapita kwenye kiroba cha kusukwa hata bila kumwagikiwa, na yakishaingia yanang'ang'ania juu ya chembe zilizolowa. Kuanika kunaondoa harufu ya juu, mazito yanabaki. Pua yako imeshazoea, usiiamini, mwamini mke wako.

Fanya hivi. Glasi safi isiyo na sabuni, maji ya moto, vijiko vitatu vya chumvi kutoka katikati ya kiroba. Koroga iyeyuke, funika kwa sahani dakika tano, funua, anuse mtu ambaye hajaingia stoo. Kisha tazama juu ya maji kwenye mwanga, ukiona utando wa rangirangi ni mafuta. Kiroba kimoja kimoja. Kikinuka au kikionyesha utando, hakiendi kwenye chakula cha mtu wala cha ng'ombe. Kisipoonyesha, bado si cheti, inabaki ni chumvi iliyokaa na mafuta na mimi nisingeipaki.

Hivi 12 vya kusukwa visahau kwa kula. Vile 18 vya nailoni kagua kama nailoni haina tundu, fanya jaribio la glasi, halafu vipimwe madini joto. Usibadilishe tarehe, hilo ni kosa.

Kijana wa Kirumba
Mzee, 12 zote? Hiyo ni kilo 300. Nikizichanganya na za nailoni harufu si itapotea?

Dada wa Buhongwa
Umesikia alichosema?

Muuza Ngozi Kisesa
Mimi natumia chumvi kuhifadhi ngozi za ng'ombe kabla hazijachukuliwa. Hiyo ya mafuta ya taa ngozi haijali sana, ila mnunuzi wangu akisikia harufu atapunguza bei. Nitakupa robo ya bei ya sokoni, uje nayo mwenyewe.

Kijana wa Kirumba
Robo? Nusu basi.

Mama Kayabo Mwaloni
Vile 18 vya nailoni vikipimwa vikawa safi, unaviuza shilingi ngapi? Ila nije kunusa kwanza mimi mwenyewe.

Fukunyuku
Kumbe lilikuwa tangazo la biashara.

Binti wa Ukerewe
Kwa hiyo baba nimpunguzie mpaka kijiko kingapi kwa siku?