Mrejesho: makato ya mkopo wa mshahara, Chake Chake

Niliuliza: "Mimi mwalimu wa skuli ya msingi Pemba. Nikikopa milioni 6 kwa miezi 48, riba 14% kwa mwaka, nitakatwa ngapi na nitabaki na ngapi?"

Assalaam alaikum ndugu zangu. Mkopo umeshatoka, nimeshapokea na mshahara wa mwanzo baada ya makato.

Mshahara wangu ni 600,000. Ikitoka kodi na mchango wa ZSSF hubaki kama 530,000. Marejesho ni 164,000, kwa hiyo naondoka na 366,000. Theluthi ya mshahara, ambayo lazima ibaki mkononi baada ya makato, ni 200,000, nami sijaikaribia.

Yule aliyeniambia niulize riba inahesabiwaje, Mungu amlipe. Mkopeshaji wa kwanza alitaja 14% hiyo hiyo, lakini anaipiga juu ya milioni 6 nzima miaka yote minne. Riba inafika 3,360,000, na kila mwezi ningekatwa 195,000. Tofauti ni 31,000 kwa mwezi, na hiyo nyumbani kwangu ni mchele wa kutosha.

Huku nilikochukua, riba ni ya salio linalopungua. Kwenye jadwali la marejesho, mwezi wa kwanza riba ni 70,000 na 94,000 zinapunguza deni; mwezi wa pili riba ni 68,900. Mukiona safu ya riba haishuki, basi ni ile ya kwanza. Ombeni jadwali kabla ya kutia saini.