Kisanduku cha "sababu ya kuacha kazi": nyie mliandika nini? Tupeane uzoefu

Mtunza Stoo: Wakuu, nina mwaka wa nne stoo. Nimeomba kazi sehemu, jana wamenitumia fomu ya kujaza kabla ya usaili. Kuna mistari miwili: kwa nini unataka kuacha kazi ya sasa. Ukweli ni kwamba mshahara unafika tarehe 15 na bosi anafokea watu mbele ya wateja. Nimeandika nikafuta mara tatu.

Kijana wa Tandika: Unajisumbua bure. Andika "maslahi bora". Mimi niliandika hivyo na nikaitwa.

Dada wa Utumishi: Na ulipofika wakakuuliza nini?

Kijana wa Tandika: Kwamba nikiongezwa mshahara nilipo nitabaki? Nikasema ndiyo. Hawajanipigia mpaka leo, hahaha.

Dada wa Utumishi: Ndiyo hayo. Nimesoma fomu hizi miaka tisa. Nikimaliza mistari hiyo nahamia kwenye tarehe za kazi zako, kisha kwenye tangazo letu, naangalia kama vinashikana. "Natafuta changamoto mpya" kwangu ni sawa na hujajaza. Ukimsema bosi, nawaza tu zamu yetu itafika lini. Mtunza Stoo, tangazo lina nini ambacho wewe huna?

Mtunza Stoo: Stoo mbili, na mfumo wa kompyuta. Mimi nina stoo moja, leja na kadi za mkono.

Dada wa Utumishi: Basi andika: "Nimesimamia stoo moja kwa leja na kadi kwa miaka minne. Sasa nataka kusimamia stoo kubwa zaidi kwa mfumo wa kompyuta, kama ilivyo kwenye nafasi hii." Ila ujiandae, watakuuliza mfumo huo umejifunzia wapi.

Mama Wawili: Mimi yangu niliandika ukurasa mzima, nikatoa notisi ya siku 28, bosi akakataa kupokea.

Dada wa Utumishi: Mama, hiyo ni barua ya kuacha kazi. Mwenzetu hajapata bado, asipeleke chochote. Lakini hizo siku 28 azikumbuke akiulizwa ataanza lini. Asiandike "mara moja".

Mkono Mtupu: Mimi niliachishwa, nikaandika "mkataba uliisha". Wakampigia mdhamini, akasema yaliyotokea. Mpaka leo sijui ningeandika nini.

Dada wa Utumishi: Mimi ningeandika "niliachishwa, nitaeleza kwenye usaili". Wapo wenzangu wangekukata hapohapo, sikufichi.

Mtunza Stoo: Asanteni. Chini kuna swali jingine: tunaweza kuwasiliana na mwajiri wako wa sasa? Bosi hajui kitu.

Kijana wa Tandika: Hapana!

Dada wa Utumishi: "Baada ya kupewa ofa." Mimi sina shida na jibu hilo.

Mkono Mtupu: Mimi niliandika hivyohivyo, wakaniuliza naficha nini.