Tupeane uzoefu: wanaume wa miaka 40 na kitu mliopima testosteroni kwa ajili ya uchovu, mlipima saa ngapi na mlirudia?

Mtunza Stoo

Wakuu, salaam. Mwaka huu nilibaki kidogo tu nianze kuchomwa sindano za homoni kwa jibu moja la maabara, na naamini humu wapo waliopita njia hiyohiyo. Naanza mimi.

Nina miaka 44, nasimamia stoo ya vipuri vya magari. Tangu mwishoni mwa mwaka jana nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Naamka nimechoka, ikifika saa 8 mchana macho yanafumba huku nahesabu boksi. Hamu ya tendo ikapungua mpaka mke wangu akadhani nina mtu nje, na hilo ndilo lililonisukuma nikapime.

Nilikwenda kliniki moja Jumamosi baada ya kufunga stoo. Damu ilitolewa saa 10 jioni, nimetoka kula pilau na soda, na zilikuwa zimepita siku 9 tu tangu nimalize dozi ya dawa mseto ya malaria. Hakuna aliyeniuliza hata kimoja kati ya hayo. Jibu likaja 7.4 nmol/L, pembeni wameandika kawaida yao ni 8.6 mpaka 29. Nikaambiwa homoni zimeshuka, nichome sindano kila baada ya wiki 3, tuanze leo. Pesa sikuwa nayo. Nikaomba nikajipange.

Mwezi uliofuata nikampata daktari wa homoni. Kabla hajasoma ile namba, kidole chake kilikwenda juu ya karatasi palipochapwa muda: 16:08. Akaniambia, "Hili jibu nitalihifadhi, lakini silitumii." Akanituma nirudi saa 1 na nusu asubuhi, sijala tangu usiku, nimelala usiku wangu wa kawaida, sina homa wala mafua. Jibu: 12.1. Wiki 2 baadaye, maabara ileile, saa ileile: 12.9. Habari ya sindano ikaishia hapo.

Uchovu wenyewe bado upo. Sasa tunautafuta kwenye usingizi, kwa sababu mke anasema nakoroma halafu nanyamaza kabisa kama sipumui, kisha nashtuka. Nyie wenzangu ilikuwaje?

Baba Mtarajiwa

Kaka, umeniumiza, maana mimi pesa nilikuwa nayo.

Nilikuwa na miaka 41, ndoa ya pili, tunatafuta mtoto. Nilipima mara moja, saa 7 mchana, jibu likawa chini kidogo ya kiwango. Sindano zikaanza wiki hiyohiyo. Nguvu nilizipata kweli, siwezi kusema uongo. Miezi 7 baadaye mimba hakuna, mke akapimwa yuko salama, nikapimwa mbegu: sifuri. Sio chache, sifuri.

Daktari aliyesoma jibu aliniuliza kama natumia homoni, nikamjibu natumia, tena nilidhani zinasaidia kupata mtoto. Akanieleza kwamba ubongo ukiona testosteroni imejaa kutoka nje, unaacha kuzituma korodani kazi, na mbegu zinakauka. Huu ni mwezi wa 11 tangu niache sindano. Kipimo cha mwisho mbegu zimeanza kurudi ila bado ni chache. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba sitajua kama ile ya mwanzo ilikuwa chini kweli au ni ya saa 7 mchana tu.

Mwalimu Kiboko

Poleni wakuu, ila tusitishane. Habari ya asubuhi ni ya vijana. Kijana homoni inapanda usiku akiwa amelala, inafika kileleni alfajiri, inashuka jioni. Mtu akishavuka 40 ule mpando unakufa, saa yoyote ukipima ni sawa. Mimi nilipima saa 9 alasiri nikiwa na miaka 52 na jibu lilikuwa zuri tu. Mnawasumbua watu kudamka bure.

Mtoa Damu

Shikamoo mwalimu. Nimekaa maabara miaka 17, naomba nichangie kwa heshima. Ulichosema kina ukweli wake, lakini umekivuta mapema. Kwa wazee wa miaka 70 tofauti ya asubuhi na jioni kweli ni ndogo. Kwa mtu wa miaka 40 na kitu bado ipo, na inaweza kufika robo ya homoni yote. Mtu mwenye 11 asubuhi anaweza kusoma 8 na kitu jioni, na kwa karatasi ya mtunza stoo hapo anaandikwa mgonjwa.

Jibu lako la saa 9 alasiri lilikuwa zuri, kwa hiyo hukuhitaji kudamka tena. Likiwa zuri hata alasiri, basi asubuhi haliwezi kuwa baya. Shida ni pale linapokuwa chini, hapo ndipo muda unapoharibu maana yake.

Na kwa mtunza stoo saa haikuwa peke yake. Sukari ya soda na pilau hushusha homoni hii kwa saa kadhaa, ndiyo maana tunataka mtu aje hajala. Malaria nayo, au homa yoyote kali, mwili unaipunguza kwa muda, na inachukua wiki kadhaa kurudi. Mambo matatu yalimwangukia siku moja.

Hata ukitimiza yote hayo, namba bado inapanda na kushuka siku kwa siku. Miongozo ya madaktari wa homoni inasema mpaka asilimia 30 ya walio chini kipimo cha kwanza hukutwa wa kawaida wakirudia. Ndiyo sababu wanataka asubuhi mbili tofauti, pamoja na dalili. Sisi kwetu tunapendelea kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi. Na rudieni maabara ileile, kwa sababu mashine zinatofautiana na viwango vyake pia.

Mama Wawili

Samahanini kaka zangu kuingilia. Mume wangu ana miaka 47, uchovu kama huohuo. Mwaka huu alipima kile kipimo cha damu cha tezi dume kikatoka 1.1, daktari akasema ni salama. Si ndiyo maana yake homoni yake iko sawa? Anakataa kupima tena.

Mtoa Damu

Hapana dada, hicho ni kipimo kingine kabisa, kinaangalia tezi dume, hakisemi lolote kuhusu testosteroni. Ila kwa uchovu mtupu mimi nisingemwanzia huko. Mwambie aanze na wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo. Hivi tunavikuta kwenye uchovu mara nyingi kuliko homoni ya kiume. Muulize taratibu kama hamu imepungua na kama asubuhi bado anaamka imesimama. Hizo mbili zikipotea ndipo homoni inapopanda juu kwenye orodha.

Mlinzi wa Zamu

Wakuu, kumbe mimi ndiye mgonjwa kuliko wote. Mtunza stoo anaogopa 7.4, yangu ni 2.9! Na nilipima asubuhi kabisa, saa 2 na robo, sijala. Nina miaka 43, nalinda ghala usiku miaka 6 sasa.

Mtoa Damu

Kaka, tulia kwanza. Angalia mbele ya hiyo 2.9 wameandika nini.

Mlinzi wa Zamu

ng/mL.

Mtoa Damu

Basi hiyo si namba ya mwenzako, yeye ni nmol/L. Zidisha yako kwa 100 upate ng/dL, yaani 290. Ukigawa kwa 28.8 unapata kama 10 kwa kipimo cha mtunza stoo. Yako iko juu kuliko ile iliyomtisha. Ipo eneo la katikati, si ya kupuuza na si ya kuchomewa sindano.

Lakini nikuulize, hiyo saa 2 na robo ulikuwa umetoka kulala au umetoka lindo?

Mlinzi wa Zamu

Nimetoka lindo moja kwa moja, sijalala. Nilitaka nimalize ndipo nikalale. Huwa nalala saa 3, naamka saa 8 mchana.

Mtoa Damu

Hapo ndipo penyewe. Homoni hii inafuata usingizi kuliko inavyofuata jua. Asubuhi yako wewe ni saa 8 mchana. Damu iliyotolewa ukitoka lindo ni ya mtu aliyekesha. Kipimo kizuri kwako ni ndani ya saa 2 baada ya kuamka, na umwambie daktari aandike hivyo kwenye fomu. Lakini nikuambie ukweli, viwango vilivyochapwa kwenye karatasi vimepatikana kwa watu wanaolala usiku. Wapo madaktari wanaopendelea usubiri likizo, ulale usiku kama wiki 2, ndipo upime asubuhi ya kawaida. Binafsi naona hiyo ya pili ina nafuu, ila si kila mlinzi anapewa likizo.

Kaka wa Moro

Niweke ya upande wa pili, watu wasidhani kila jibu la chini ni la uongo.

Nina miaka 46. Asubuhi ya kwanza nilipata 4.6. Nilipoambiwa nirudie nilikasirika, niliona wanakula pesa yangu. Asubuhi ya pili 4.9. Lakini safari hii daktari aliongeza vingine kwenye damu ileile: LH, ambayo ndiyo amri ya ubongo kwenda kwenye korodani, na prolaktini, homoni ya maziwa. LH ilikuwa chini, wakati korodani zikichoka zenyewe inatakiwa ipande. Prolaktini ilikuwa juu sana. Akaniuliza kama naumwa kichwa, nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nagonga vitu pembeni. Nikakumbuka nilishavunja kioo cha pembeni cha gari langu mara mbili kwenye geti la nyumbani, upande uleule.

Picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ndio ulikuwa unatoa prolaktini hiyo na kubana mishipa ya macho. Sio saratani. Natumia vidonge vya kabagolini mara 2 kwa wiki, uvimbe umesinyaa, testosteroni imepanda yenyewe mpaka 11 bila sindano hata moja. Ningechomwa baada ya kipimo cha kwanza, namba ingependeza na uvimbe ungeendelea kukua.

Mwalimu Kiboko

Nimesoma yote. Hiyo ya usingizi sikuijua, nilidhani ni jua. Ila bado nauliza: huyu mlinzi na 10 yake, ana dalili, tumwambie yuko sawa?

Mtoa Damu

Mwalimu, hapo hata madaktari hawako pamoja. Wapo wanaokata kwenye 9 na kitu, wapo wanaokata kwenye 10 na kitu. Kama kipimo cha pili nacho kitatoka hapohapo, wengi wanaongeza kipimo cha homoni iliyo huru kwenye damu, hasa kwa mtu mwenye kitambi. Mlinzi, una kilo ngapi?

Mlinzi wa Zamu

104. Nimeomba kwa msimamizi wangu zamu za mchana mwezi ujao wote. Akinikubalia nitapima wiki ya tatu, nitaleta karatasi hapa ikiwa na saa yake.

Mtunza Stoo

Lete kaka, tunakusubiri. Mimi Jumanne naenda kulala na kile kifaa cha kupima pumzi usiku.