Shemeji kagonga gari langu la bima kubwa, leseni yake imekwisha: nani abebe gharama?

Mwenye IST, Kimara
Wakuu, IST yangu ina bima kubwa, kwenye hati imeandikwa thamani ya milioni 18. Jumamosi nilimpa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aende msibani Bagamoyo. Wakati wa kurudi usiku, pale Bunju, akaigonga kwa nyuma Noah iliyokuwa imesimama. Hakuna aliyeumia. Gereji wamekadiria matengenezo ya gari langu milioni 4.2. Leo wakala kanipigia, anasema leseni ya shemeji iliisha miezi mitano iliyopita, kwa hiyo bima hawalipi. Ruhusa nilitoa mimi na bima nimelipia mimi. Je, alipe shemeji au nimeze mwenyewe?

Kibo79
Bima ni ya gari, si ya mtu. Ukishatoa ruhusa kwa mdomo wako, yeyote anayeshika usukani amefunikwa. Wakala anakutisha tu ili ukate tamaa. Kawabane.

Mama Shufaa
Pole sana kaka. Mimi mpwa wangu alichukua funguo mezani nimelala, akaliingiza gari kwenye mtaro Tabata. Nilikuwa na bima ndogo, ile ya 118,000, na nilidhani nitatengenezewa. Kumbe ile inamlipa uliyemgonga, gari lako mwenyewe haliangalii. Nililipa kila kitu mwenyewe. Kwa hiyo hata hilo la ruhusa kwangu halikuwa na maana. Angalia vizuri kama kweli yako ni kubwa.

Mwenye IST
Ni kubwa mama, nimelipa 3.5% ya thamani na VAT juu yake, jumla 743,400. Risiti ninayo.

Mzee wa Madai
Nimekaa meza ya madai miaka mingi, nitasema ninavyolijua jambo hili. Kibo yuko sahihi nusu. Bima nyingi za magari binafsi zinamfunika mwenye gari na mtu yeyote anayeendesha kwa amri yake au kwa ruhusa yake. Lakini sentensi hiyo haiishii hapo. Inaendelea na sharti la leseni, na katika sharti hilo ndimo kesi yako inamolala.

Sharti hilo huandikwa kwa namna mbili. Hati nyingine zinasema dereva awe na leseni, *au aliwahi kuwa nayo na hajazuiwa kuipata*. Nyingine zinasema dereva awe *anaruhusiwa na sheria kuendesha wakati wa ajali*. Watu wanazisoma kama kitu kimoja, kumbe tofauti ni mamilioni. Kwa maneno ya kwanza, mtu ambaye leseni yake iliisha miezi mitano iliyopita bado anaingia, kwa sababu aliwahi kuwa nayo na hakuna mahakama iliyomfungia. Atapigwa faini na trafiki kwa kuendesha na leseni iliyoisha, lakini hilo ni deni lake na serikali. Kwa maneno ya pili, kampuni ina hoja nzito. Asiyewahi kuwa na leseni kabisa, au mwenye leseni ya pikipiki tu, anabaki nje kwa maneno yote mawili.

Sasa usibishane na wakala kwa simu. Wakala anauza bima, haamui madai. Omba hati kamili, ile ya kurasa nyingi, si stika wala kile cheti cha ukurasa mmoja. Tafuta sehemu inayomtaja dereva aliyeruhusiwa, uilete hapa neno kwa neno.

Dogo Mwenge
Mnajichosha. Mwenye gari ana leseni hai. Aandike kwenye fomu ya madai kuwa yeye ndiye alikuwa anaendesha, mambo yaishe. Wengi wanafanya.

Mzee wa Madai
Mdogo wangu, ushauri huo utamharibia kabisa. Polisi walifika Bunju, wakachora mchoro, wakachukua maelezo ya dereva. Kampuni haitalipa bila kuona fomu za polisi, PF 90 na nyingine zinazoambatana nayo, na jina la shemeji limo. Mwenye Noah naye atahojiwa. Mkadiriaji wa hasara akikuta majina mawili, dai zima linakufa kwa udanganyifu, hata kama maneno ya hati yangemlinda shemeji. Nimeona mtu akipoteza dai halali namna hiyo. Iliniuma, kwa sababu kama angesema ukweli tungemlipa.

Mwenye IST
Nimeipata hati. Imeandikwa Kiingereza, naiweka kwa Kiswahili changu: "mtu yeyote anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye bima, mradi ana leseni ya kuendesha gari hilo au aliwahi kuwa nayo na hajazuiwa kuwa nayo." Halafu chini kuna kwamba kwenye kila dai natoa 10% mwenyewe.

Mzee wa Madai
Basi uko mahali pazuri. Waandikie kwa barua, uwanukulie kifungu hicho kwa Kiingereza chake, uambatanishe nakala ya leseni ya zamani ya shemeji, na uwaombe wakikataa wakatae kwa maandishi wakitaja kifungu. Barua ya kukataa ndiyo utakayoipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Simu ya wakala haipelekwi popote. Na usianze matengenezo kabla mkadiriaji hajaliona gari.

Wakilipa, kwenye milioni 4.2 utatoa 420,000 na wao 3,780,000. Punguzo lako la kutokuwa na madai nalo mwakani huenda likaondoka.

Binti wa Pwani
Na hiyo 420,000 alipe shemeji bila mjadala. Amepewa gari zima.

Kibo79
Hapana. Alikwenda msibani kwa familia. Ukimpa mtu gari umekubali na hatari yake.

Wakili Mikocheni
Mnazungumzia 420,000, mimi namwazia mwenye Noah. Yeye hajali nani ana leseni, anataka gari lake. Aliyezembea ni shemeji, kwa hiyo anaweza kumdai shemeji. Swali ni kama anaweza kumdai na mwenye IST. Uingereza mwaka 1972, katika kesi ya Morgans dhidi ya Launchbury, mke alikuwa mwenye gari, mume akalitumia akalewa, akampa rafiki usukani, ikatokea ajali. Mahakama ya juu kabisa ilisema mke hawajibiki, kwa kuwa rafiki hakuwa akiendesha kwa shughuli ya mke. Ruhusa peke yake haikutosha. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila unasomwa. Nikuulize: shemeji alikwenda kwa shughuli zake tu?

Mwenye IST
Nilimpa na rambirambi zangu apeleke, mimi nilikuwa kazini.

Wakili Mikocheni
Hapo mwenye Noah ana pa kukushikia: atasema alikuwa amebeba kazi yako. Mimi nisingelikana hilo kortini. Bima yako ikikubali shemeji ni dereva aliyeruhusiwa, dai la Noah litaangukia humo humo na hutalibeba. Ikikataa, mnaweza kudaiwa nyote wawili.

Mzee wa Madai
Kwenye rambirambi mimi na wakili hatulingani. Bahasha moja haimfanyi mtu kuwa mjumbe wako, safari ilikuwa yake. Lakini yeye anazijua korti kuliko mimi.

Mama Shufaa
Mimi nauliza tu, je, kama shemeji angechangia mafuta?

Mzee wa Madai
Mafuta si neno, mama. Angelikodi, au angebeba abiria kwa nauli, hapo angetoka kwenye matumizi binafsi na kampuni ingekuwa na haki ya kukataa.

Mwenye IST
Barua imeshapokelewa na nakala imegongwa mhuri. Shemeji kasema atatoa 200,000 mwisho wa mwezi. Mke wangu hataki hata hiyo ichukuliwe.

Binti wa Pwani
Ichukue.