Uwakala wa pesa za simu: mtandao mmoja mkubwa au laini tatu?

Mtafuta Njia
Wadau habari zenu. Nataka kufungua uwakala wa pesa za simu mwezi ujao na nimekwama kwenye kuchagua. Niweke mtaji wote kwenye ule mtandao mkubwa, au nichukue laini tatu nimhudumie kila anayekuja? Jamaa yangu anasema laini nyingi ndo wateja wengi, ila wakala mmoja niliyeongea naye kaniambia nitahangaika na floti, yaani ile hela inayokaa ndani ya laini. Naombeni ulinganisho.

Kisoda
Mkuu hujasema mtaji ni kiasi gani, hujasema hapo watu wanaweka zaidi au wanatoa zaidi, wala mawakala walio jirani wana laini zipi. Bila hayo tutakujibu kwa kubahatisha tu.

Bi Msafiri
Mimi natumia ule mdogo kwa sababu makato yake nafuu sana. Tatizo ni mama, nikimtumia inabidi azunguke kutafuta pa kutolea na mara nyingi anaambiwa hela hamna, mpaka kaniomba nimtumie kwenye ule mwingine. Ila kwa makato mdogo ni bora, chukua huo.

Kisoda
Dada yeye anauliza akiwa upande wa wakala, siyo wa kutuma. Ila hilo la mama ndo lenyewe hasa, ngoja wenye uzoefu waje.

Mtafuta Njia
Samahani wakuu. Mtaji laki 6. Ni njiani, watu wanapita wengi, jirani kuna wakala mmoja tu na ana laini zote. Wanaoweka na wanaotoa sijafuatilia.

Mkongwe wa Kaunta
Nikupigie hesabu. Laki 6 tuseme laki 3 keshi, laki 3 floti. Ukiwa na laini tatu keshi haikusumbui, droo ni moja na inahudumia mitandao yote, ila floti inakatika vipande vitatu, laki moja moja, na kipande cha huku hakiwezi kusaidia kule. Anakuja mtu anataka kuweka laki na nusu kwenye ule mkubwa. Jumla una laki 3 za floti na bado unamrudisha. Ungekuwa na laini moja angeshahudumiwa na ameondoka.

Halafu kuna kitu wengi hawakioni mpaka wakae kaunta. Mteja akiweka, floti yako inashuka na keshi inapanda, akitoa inakuwa kinyume. Kwenye mtandao wenye watu wengi wanaoweka na wanaotoa wanapishana siku nzima, kwahiyo floti inarudi yenyewe bila wewe kunyanyuka. Kwenye mtandao mdogo leo mmoja anaweka elfu 80, umebaki na elfu 20, na anayekuja kutoa ili ikurudishie floti unaweza kumsubiri mpaka kesho kutwa. Hapo katikati kila anayetaka kuweka unamwambia hamna. Kamisheni inatokana na hela kuzunguka, hela iliyolala kwenye laini haikupi chochote hata kama asilimia waliyokuahidi ni nono.

Sasa angalia, kila wakala mwenye mtaji mdogo akipiga hesabu hii anafikia palepale, anaacha ule mdogo au anaweka floti kiduchu ya kuonyesha tu. Mteja wa mdogo akija mara mbili akikosa anahamia mkubwa, kama mama yake Bi Msafiri, na wateja wakipungua wakala naye anazidi kupunguza floti. Ndo maana mdogo anabaki mdogo hata akiwa na huduma nzuri na bei nafuu.

Subira Nyingi
Mkongwe kasema kweli tupu. Mimi nilikuwa na laini nne. Mwisho wa mwezi mmoja, saa nne asubuhi, floti ya mtandao mkubwa imekwisha na droo imejaa noti, watu wamepanga foleni wanataka kuweka. Nikafunga kibanda nikakimbia kwa wakala mkuu kununua floti, nafika foleni ndefu, na yeye mwenyewe anasubiri benki imuingizie, nimekaa pale mpaka mchana huku simu inaita wateja wananiuliza uko wapi. Nikatafuta hata mtu wa kubadilishana naye kwa floti ya mitandao mingine niliyokuwa nayo, kila aliyekuwepo anatafuta floti ileile. Narudi nakuta wateja wangu wamehamia kwa jirani na baadhi sikuwaona tena. Na siku hiyohiyo laini zangu nyingine tatu zilikuwa na floti haijaguswa. Kilichoniumiza zaidi, wakala mkuu alinihakikishia jana yake kwamba floti ipo.

Kijana wa Apu
Haya mambo ya zamani jamani. Siku hizi mitandao imeunganishwa, unatuma toka huku kwenda kule bila shida. Tanzania walianza 2014, Vodacom wakaingia 2016. Kenya ikafuata 2018. Ukubwa wa mtandao hauna maana tena, chukua wenye kamisheni kubwa.

Mkongwe wa Kaunta
Kutuma kuvuka mtandao ni kweli na kumesaidia sana watumaji. Lakini hela ikishatua kwenye laini ya mpokeaji, anaitoa kwa wakala wa mtandao wake. Floti yangu ya huku haimhudumii mteja wa kule, kwahiyo kwa aliyekaa kaunta tatizo liko palepale. Hata Kenya mwaka 2014 mawakala wa M-Pesa waliporuhusiwa kuhudumia mitandao mingine, M-Pesa haikuyumba. Ruhusa ya kushika laini ya pili haikuongezi mtaji wa kuijazia floti.

Mwana Takwimu
Na hata ukiondoa wakala kabisa bado hela inajikusanya kwa wachache. Angalia India, mfumo wao wa malipo ya simu wa UPI wa 2016 umeunganisha benki nyingi na msimbo wa kuskani unasomwa na apu yoyote, lakini sehemu kubwa sana ya miamala iko kwenye apu mbili, PhonePe na Google Pay. Wasimamizi wake walitangaza 2020 kwamba apu moja isizidi asilimia 30 ya miamala, na utekelezaji umesogezwa mbele zaidi ya mara moja.

Kijana wa Apu
Hapo ni mazoea ya watu tu na zawadi walizogawa mwanzoni, siyo ukubwa wa mtandao. Na Senegal je? Wave wameingia wakakuta Orange Money imeshika soko, wakaweka kutuma asilimia 1, kuweka na kutoa bure, na Orange wakalazimika kushusha bei.

Mwana Takwimu
Ndiyo, ila fikiria nani analipa. Kama mteja hakatwi akiweka wala akitoa, kamisheni ya wakala inatoka mfukoni kwa kampuni. Inahitaji mfuko mrefu kubeba upande mmoja mpaka upande wa pili ujae. M-Pesa nayo 2007 ilibeba, asiyesajiliwa aliweza kupokea na kutoa bila makato, anayetuma ndo analipa zaidi.

Kisoda
Mwenye kosa ni serikali, ingetoa floti moja ya wote yaishe.

Mkongwe wa Kaunta
Floti ya pamoja wazo zuri, ila kamisheni wagawane vipi na hasara ya wizi abebe nani? Hapo ndo watakapokwama.

Mtafuta Njia, fanya hivi kabla hujachukua laini yoyote. Kaa karibu na jirani yako siku ya kawaida na siku ya mwisho wa mwezi, hesabu anaowarudisha, na sikiliza wanarudishwa kwa mtandao upi na ni kuweka au kutoa.

Subira Nyingi
Kama anawarudisha wa ule mdogo mimi ningechukua hizo mbili, mkubwa laki 5 na mdogo laki 1.

Kijana wa Apu
Laki 1 itakwisha kwa mteja mmoja, Mkongwe kashasema.

Mtafuta Njia
Nimeelewa la floti. Nitaenda kukaa hapo. Ila nauliza, wakala mkuu mmoja anaweza kuniuzia floti ya mitandao yote miwili, au kila mtandao na wakwake?